Kwa nini Jabari huonekana kote, na Msalaba wa Kusini haufiki Helsinki

*"Shikamoo mwalimu. Nimekulia karibu kabisa na ikweta, na sasa niko Helsinki kwa masomo. Msalaba wa Kusini niliouzoea sijauona hata mara moja, ila Dubu Mkubwa yupo kila usiku. Jabari ninamwona, lakini amesimama upande wa kusini badala ya kupita utosini. Dunia ni moja na mbingu ni moja, sasa nyota zinatofautianaje?"*

Marahaba. Umetaja makundi matatu ya nyota, na kila moja limekupa sehemu yake ya jibu: moja limetoweka, moja halitui tena, la tatu limebadilisha mkao. Yote matatu yana chanzo kimoja, nacho ni ardhi unayosimama juu yake. Ulipohama, ardhi hiyo iliinama kwa karibu digrii 60 ukilinganisha na nyota. Wewe hukuhisi chochote, kwa sababu popote duniani "chini" ni kuelekea katikati ya dunia. Mbingu ndizo zilizokuonyesha.

Kwanza tuondoe wazo moja linalowajia wengi, kwamba huko kaskazini uko karibu zaidi na nyota za kaskazini. Nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, ukiacha Jua, iko umbali wa takriban kilomita trilioni 40. Kutoka ikweta hadi ncha ya dunia ni kilomita 10,000. Umejisogeza kwa sehemu moja kati ya bilioni nne ya umbali huo, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo. Nyota za Jabari zina mpangilio uleule Helsinki na kwenye ikweta: mshipi wake una nyota tatu zilezile, zikiwa na nafasi ileile kati yake.

Kinachobadilika ni upeo wa macho, yaani ile duara ambapo mbingu na ardhi hukutana. Mwili wa dunia unakuzibia nusu ya mbingu wakati wote, na upeo wa macho ndio ukingo wa kizuizi hicho. Kwa kuwa dunia ni mviringo, ukisafiri kilomita 111 kuelekea kaskazini ukingo huo unainama kwa digrii moja: mbele yako, kaskazini, unashuka na kufunua kipande kipya cha mbingu; nyuma yako, kusini, unapanda na kufunika kipande kingine. Safari kilomita 111 nyingine, na digrii nyingine imeongezeka. Helsinki iko kwenye latitudo ya digrii 60 hivi, kwa hiyo umefunuliwa digrii 60 za mbingu kaskazini na kufunikwa digrii 60 kusini.

Aristotle aliliona jambo hili karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliandika kwamba ziko nyota zinazoonekana Misri na Kupro ambazo hazionekani katika nchi za kaskazini, akalitumia kama ushahidi kwamba dunia ni mviringo, tena kwamba si kubwa mno, maana safari fupi tu inatosha kubadilisha nyota. Ni hoja ninayoipenda sana, kwa sababu haihitaji chombo chochote. Ardhi ingekuwa bapa, watu wote wangekuwa na upeo mmoja wa macho, nawe ungekuwa unautazama Msalaba wa Kusini ukiwa dirishani kwako.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mzunguko wa dunia, ambao ndio unaoamua ni nyota zipi zichomoze, zipi zitue, na zipi zisifanye lolote kati ya hayo.

Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na sisi tulio juu yake tunaona mbingu nzima ikizunguka upande wa pili. Zipo nukta mbili tu zisizosogea, zile ambazo mhimili ungezigusa kama ungerefushwa hadi angani: ncha ya mbingu ya kaskazini na ncha ya mbingu ya kusini. Karibu kabisa na ile ya kaskazini ipo Kutubu, Nyota ya Kaskazini. Katikati ya ncha hizo mbili, juu kabisa ya ikweta ya dunia, unapita mstari tunaouita ikweta ya mbingu. Mahali pa kila nyota hupimwa kwa digrii kutoka mstari huo. Mshipi wa Jabari uko karibu juu ya mstari wenyewe. Msalaba wa Kusini uko kati ya digrii 57 na 63 kusini yake.

Chukua mwavuli, uchore nukta kwa ndani, kisha uufungue juu ya kichwa na kuuzungusha kwa mpini wake. Ukiushika wima, nukta zote zinazunguka sambamba na sakafu na hakuna hata moja inayozama chini ya ukingo. Hiyo ndiyo mbingu ya ncha ya dunia. Sasa ulaze mwavuli mpaka mpini uwe sambamba na sakafu, ncha ya mwavuli ikielekea ukutani. Ukiuzungusha, kila nukta inapanda upande mmoja, inapita juu, inashuka upande wa pili na kupotea chini. Hiyo ni mbingu ya ikweta, ukichukulia kwamba mwavuli wa pili wenye nyota za kusini umeunganishwa na huu ukingo kwa ukingo. Helsinki ni mwavuli ulioinamishwa: nukta zilizo karibu na mpini zinabaki juu siku zote, zilizo mbali zaidi zinachomoza na kutua.

Kiasi cha kuinama huko unaweza kukisoma angani moja kwa moja, kwa sababu urefu wa ncha ya mbingu kutoka upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. Helsinki, Kutubu iko digrii 60 juu. Kwenye ikweta inagusa upeo wa macho. Nyoosha mkono wako mbele na ukunje ngumi: upana wa ngumi ni takriban digrii 10. Usiku wowote wa wazi, panga ngumi moja juu ya nyingine kuanzia upeo wa macho wa kaskazini, nawe utaifikia Kutubu kwa ngumi sita. Kutubu yenyewe haikai juu ya ncha kikamilifu, imeachana nayo kwa karibu theluthi mbili ya digrii, lakini kwa kipimo cha ngumi tofauti hiyo haionekani. Mabaharia wa Kiarabu katika Bahari ya Hindi walifanya kazi hii kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo, ambao fundo lake lilishikwa kwa meno ili kibao kikae umbali ule ule kutoka machoni kila mara. Kwa kupima urefu wa Kutubu walijua kama wamefika usawa wa bandari wanayoitafuta.

Sasa tuliingize hilo kwenye mbingu yako. Ncha ikiwa digrii 60 juu, nyota yoyote iliyo ndani ya digrii 60 kutoka kwenye ncha hiyo huizunguka bila kugusa upeo wa macho. Nyota zote saba angavu za Dubu Mkubwa zimo humo, ndiyo maana yupo kila usiku, mara juu karibu na utosi, mara chini kaskazini. Upande wa pili ipo duara ya ukubwa uleule kuizunguka ncha ya kusini, na hiyo haichomozi kamwe. Msalaba wa Kusini umo ndani yake. Hata saa unapokuwa juu kabisa katika mzunguko wake, nyota yake ya kaskazini kuliko nyingine bado iko digrii 27 chini ya upeo wako wa macho. Haujajificha nyuma ya majengo wala mawingu, uko chini ya ardhi.

Ukipiga hesabu ya eneo, unapata kitu kizuri. Katika latitudo ya digrii 60, robo moja ya mbingu haitui kamwe, robo nyingine haichomozi kamwe, na nusu iliyobaki ndiyo inayochomoza na kutua. Kwenye ikweta hakuna nyota isiyotua na hakuna isiyochomoza, mbingu yote inapanda na kushuka. Kwenye ncha, nusu ipo daima na nusu haipo daima.

Jabari ndiye anayeonyesha vizuri zaidi jinsi hali hizi zinavyoungana, maana ikweta ya mbingu inamkata kiunoni. Bega lake lina nyota nyekundu iitwayo Ibuti la Jauza, digrii 7 na kidogo kaskazini ya mstari. Mguu wake una nyota nyeupe yenye rangi ya samawati iitwayo Rijili, digrii 8 na kidogo kusini yake. Mfuate kutoka ikweta hadi ncha.

Kwenye ikweta anachomoza akiwa amelala ubavu, anapanda wima kama anayekwea ngazi, na anapita utosini kichwa kikielekea kaskazini. Bega na mguu vinachomoza karibu pamoja, na kila kimoja kinakaa juu muda wa saa 12. Ukiwa hapo huwezi kusema amesimama au amepinduka, kwa kuwa yuko juu ya kichwa chako, na ukigeuka tu naye anageuka.

Helsinki mshipi unachomoza mashariki halisi kama kule nyumbani, na unakaa juu saa 12 kama kule. Njia yake tu ndiyo iliyolala: inapanda kwa mshazari wa digrii 30 na kufika juu digrii 30 kutoka upeo wa macho wa kusini. Kwa kuwa unamtazama ukielekea kusini na kichwa chake kiko upande wa kaskazini, unamwona amesimama. Mtu aliye mbali kusini ya ikweta humtazama akielekea kaskazini, na kwake Jabari yuko kichwa chini. Angalia sasa muda: bega linakaa juu karibu saa 14, mguu saa 10 na dakika chache. Mguu unachomoza baada ya bega na kuzama kabla yake. Ukikaa nje jioni moja ya Desemba utaiona tofauti hii kwa macho yako.

Ukiendelea kaskazini, bega linazidi kupata muda na mguu unazidi kupoteza, mpaka karibu na latitudo ya digrii 82. Hapo Rijili inakoma kuchomoza, na kidogo mbele yake Ibuti la Jauza inakoma kutua. Kwenye Ncha ya Kaskazini Jabari ni kiwiliwili: mabega yake yanazunguka upeo wa macho mzima kwa urefu wa digrii 6 hadi 7, na miguu haijulikani. Aliye Ncha ya Kusini ana miguu bila mabega. Hao wawili wangeweza kuelezana kundi moja la nyota bila kutaja nyota hata moja inayofanana, isipokuwa labda ile ya mshipi iliyo karibu zaidi na mstari. Hiyo iko chini ya theluthi moja ya digrii kusini ya ikweta ya mbingu, na hewa ya dunia hupinda mwanga unaopita karibu na upeo wa macho kwa takriban nusu digrii, ikiinua kila kitu kilichopo pale. Kwa hesabu, basi, nyota hiyo iko juu ya upeo wa macho kwenye ncha zote mbili kwa wakati mmoja.

Nimesema "kwa hesabu" kwa makusudi. Hewa hiyohiyo inayoinua nyota ndiyo inayoizima. Mwanga unaokuja kutoka upeo wa macho hupita kwenye hewa nene kwa takriban mara arobaini kuliko ule wa utosini, mbali na vumbi, unyevu na taa za mji. Nyota ya wastani kama Kutubu ikiwa digrii moja au mbili tu juu hupotea kabisa. Kwa hiyo ulipokuwa karibu na ikweta usidhani uliikosa kwa uzembe: ilikuwa imelala kwenye ukungu wa upeo wa macho. Mipaka ninayoitaja ni mipaka ya hesabu, na macho hufungiwa mlango mapema zaidi, digrii tatu hadi tano juu yake.

Kosa la aina hii lina historia. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Mgiriki Posidonio alitaka kupima mzingo wa dunia kwa nyota Suheli, ya pili kwa mwangaza katika mbingu ya usiku, iliyo digrii 52 na zaidi kusini ya ikweta ya mbingu. Alichukulia kwamba kule kisiwani Rodo inagusa tu upeo wa macho, na kwamba Iskandaria ya Misri, iliyo kusini zaidi, inapanda sehemu moja ya 48 ya duara, yaani digrii 7 na nusu. Njia yake ilikuwa sahihi kabisa: tofauti ya urefu wa nyota moja ni tofauti ya latitudo. Lakini tofauti halisi ya latitudo ya miji hiyo ni digrii 5 na kidogo. Ukisimamisha kipimo chako kwenye nyota inayogusa upeo wa macho, unategemea sehemu ya mbingu isiyoaminika kuliko zote.

Lipo jambo jingine utakalolihisi Helsinki ambalo halihusu nyota zipi ziko juu, bali lini unaweza kuziona. Jua nalo liko kwenye mwavuli huohuo. Ili giza liwe kamili ni lazima Jua lishuke digrii 18 chini ya upeo wa macho. Kwenye ikweta linashuka wima, na baada ya saa moja na dakika kumi hivi giza limekamilika, kila siku ya mwaka. Helsinki linashuka kwa mshazari, na tangu mwishoni mwa Aprili hadi baada ya katikati ya Agosti halifiki digrii 18 hata usiku wa manane. Nyota zako za Juni zipo mahali pake, ila zimezama katika mwanga.

Kwenye ikweta, kinyume chake, una saa tisa na nusu hivi za giza kamili kila usiku. Giza linapoingia nusu ya mbingu iko mbele yako, na kufikia alfajiri dunia imegeuka vya kutosha kuleta nyingi za zile zilizokuwa chini. Mtu anayekesha usiku mmoja tu hapo anapitiwa na karibu sehemu tisa za kumi za mbingu nzima. Sehemu iliyobaki, iliyo upande wa Jua, ataipata baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa kila nyota huchomoza dakika nne mapema zaidi kila siku. Hakuna latitudo nyingine inayokupa hivyo. Anayekaa majira yote ya baridi kwenye ncha ya dunia anazitazama nyota zilezile, kila moja kwa urefu uleule, tangu giza liingie hadi Jua lirudi miezi kadhaa baadaye.

Msalaba wenyewe haukuwa wa kusini hivi siku zote. Mhimili wa dunia hupepesuka polepole, mzunguko mmoja katika miaka 26,000 hivi, na ncha za mbingu huhama pamoja nao. Ptolemayo, mwanaastronomia aliyefanya kazi Iskandaria katika karne ya 2, aliziorodhesha nyota za Msalaba kama sehemu ya kundi la Kantori, kwa sababu wakati ule zilichomoza vizuri pale. Leo nyota yake ya kusini kabisa haichomozi tena Iskandaria, na mji haujasogea.

Ukitaka kuuona tena bila kurudi mpaka nyumbani, hesabu ni rahisi. Nyota ya chini ya Msalaba iko digrii 63 kusini, na 90 ukitoa 63 ni 27. Hiyo ndiyo latitudo ya kaskazini ambapo unagusa upeo wa macho ukiwa mzima. Ongeza ruhusa ya ukungu na ushuke hadi latitudo ya digrii 20, ambapo nyota hiyo ya chini itapanda digrii 7 na ile ya juu digrii 13. Nenda katikati ya Mei, mahali ambapo kusini pako ni bahari au tambarare isiyo na taa, na utazame kama saa tatu usiku. Msalaba utakuwa umesimama wima, ukikaribia kuwa kusini halisi. Geuka nyuma upime Kutubu: itakuwa ngumi mbili.